6 si sita: namna ya kuusoma Kiarabu cha simu kilichoandikwa kwa herufi zetu



Ndugu zangu, leo nina somo la maandishi. Hapa Tabora nyumba nyingi zina mtu Omani: mjomba, shangazi, mume, au binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani. Udugu huo si wa jana. Hii ndiyo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita kwetu hadi Ujiji, na walipofika Wazungu Burton na Speke mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wa Omani wana nyumba zao hapa Unyanyembe, sehemu waliyoiita Kaze. Barua zilipita njia hiyo kwa miguu. Siku hizi zinapita kwenye simu, ila zinakuja na maandishi ambayo hata mtu aliyehitimu madrasa yanamtoa jasho. Kiarabu kinaandikwa kwa herufi hizi hizi tunazoandikia Kiswahili, na katikati ya maneno zimepachikwa tarakimu: 3, 7, 5, 6. Waarabu wenyewe wameyapa jina la `Arabizi`.

Watu huniletea jumbe hizo niwatafsirie. Nimeona ni bora niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana tafsiri mbovu ya ujumbe mmoja inaweza kuvunja nyumba.

Tuanze na chanzo. Simu za mwanzo na kompyuta nyingi za miaka ya tisini hazikuwa na herufi za Kiarabu. Hata zilipopatikana palikuwa na gharama: meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160 za Kilatini, lakini ukiandika kwa Kiarabu inabeba 70 tu. Ujumbe ule ule unakuwa meseji mbili au tatu, na kila moja inalipiwa. Kwa hiyo vijana wa Kiarabu wakaandika lugha yao kwa herufi za Kilatini. Ila Kiarabu kina sauti ambazo herufi za Kilatini hazina, nao wakatafuta tarakimu zinazofanana kwa umbo na herufi zilizokosekana. Itazame 3 kama imegeuziwa upande wa pili, utaiona ain. 7 ni haa ya kooni, ile ya Muhammad. 2 ni hamza. 6 ni twaa. 5 ni khaa, ile ya kheri. Wengine huongeza alama ndogo ya mkato pembeni badala ya nukta: `3'` ni ghaini, na `7'` ni khaa pia.

Hapa ndipo vijana wetu wanapoteleza. Nasi tuna tarakimu zetu kwenye meseji za Kiswahili. Kijana akiandika `wa2` anamaanisha watu, na `2po` ni tupo. Lakini yetu inasomwa kwa sauti: 2 kwa Kiingereza hutamkwa "tu". Ya Waarabu inasomwa kwa umbo. Kwa hiyo kijana hodari wa meseji za Kiswahili akikutana na `la2` anasoma "latu", na neno lenyewe ni "la" ya kukataa inayokatwa kooni. Ujuzi wake wa lugha moja ndio unaompoteza katika lugha ya pili.

Na sisi watu wazima tuna mtego wetu. Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, lakini ulimi wetu umezilainisha herufi zake. Ain na hamza kwetu zote ni "a". Haa ya kooni na haa nyepesi zote ni "h". Ndiyo maana mwalimu wa madrasa humrudisha mtoto mara ishirini kwenye makharija: "aliim" kwa ain ni mjuzi, na "aliim" kwa hamza ni yenye kuumiza. Mwarabu akiandika 3 au 7 anatuonyesha makharija kwa tarakimu. Tukiiruka tarakimu tukalisoma neno Kiswahili, tumetupa ile herufi iliyobeba maana.

Sasa niwape mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua.

Alinijia dada mmoja wa hapa mjini, mumewe yuko Omani. Alikuja analia. Alikuwa amepeleka simu dukani kwa kijana mmoja anayejua simu, kijana akasoma na kumwambia, "Dada, hapa kuna talaka." Akaniambia, "Shehe, nataka kujua kama nianze kukaa eda." Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

```
salam kef 7alish. ana 6la3t mn el bait
ams, sakin 3nd a5oy. ba7awel lish
50 yoom 5. la tz3lin
```

Kwanza nilitaka simu yenyewe, si ujumbe ulionakiliwa kwenye karatasi. Anayenakili kwa mkono huifanya 5 kuwa S na 3 kuwa E, naye haoni kuwa ameharibu kitu.

Hatua ya kwanza ni kuzitenga tarakimu zilizo herufi na zilizo hesabu. Kanuni ni nyepesi: tarakimu iliyoshikana na herufi ni herufi, na iliyosimama peke yake ni hesabu. Katika `a5oy` ile 5 imebanwa ndani ya neno, basi ni khaa, na neno ni "akhuy", ndugu yangu. Katika `50` na `yoom 5` tarakimu zimesimama zenyewe, basi hizo ni hamsini, na siku ya tano, yaani tarehe 5. Mwarabu anaweza kuandika `3ndi 3`, ya kwanza ikiwa ain na ya pili ikiwa tatu: "nina tatu." Ukiona tarakimu imeshikana na neno ambalo bila yake bado ni kamili, hapo simama, huenda mtu amesahau kuacha nafasi.

Hatua ya pili ni kujua mwandishi ni wa wapi, maana tarakimu hazikukubaliwa na Waarabu wote. Watu wa Ghuba huandika 9 kwa swadi, hivyo `9ba7` kwao ni sabaahi, asubuhi. Lakini Mmoroko huandika 9 kwa qafu, na `9alb` kwake ni moyo. Ujumbe huu hauna 9, lakini una ushahidi mwingine. Tazama `7alish`. Mwanamke anapoambiwa "hali yako", Waomani wengi humalizia kwa "sh": haalish. Kuweit na Emirati utasikia "ch" mahali hapo. Misri ile "sh" ya mwisho ina kazi tofauti, hufunga kitenzi kilichokanushwa. Kwa hiyo neno hili moja limetuambia mambo mawili: anayeandika anatumia lahaja ya Omani, na anayeandikiwa ni mwanamke.

Ushahidi huo ulitusaidia mara moja. Mbele kuna `lish`. Waarabu wengi wakiona neno hili watafikiri ni "leesh", yaani "kwa nini". Wakilisoma hivyo ujumbe unageuka kuwa malalamiko: kwa nini hamsini? Lakini aliyeandika `7alish` kwa maana ya hali yako, huyo huyo akiandika `lish` anasema "kwako", kwa mwanamke. Mwandishi hufuata desturi yake mwenyewe, na neno lililo wazi ndilo linalolifungua lililofumbwa.

Hatua ya tatu ni kuurudisha ujumbe wote kwenye herufi za Kiarabu kabla ya kutafsiri hata neno moja. Wengi hawaitaki hatua hii kwa sababu ni ya taratibu. Wanaruka moja kwa moja kutoka herufi za Kilatini hadi Kiswahili, na katika kuruka huko sikio ndilo linaloamua badala ya herufi. Nilichukua karatasi nikaandika hivi:

```
سلام كيف حالش. أنا طلعت من البيت
أمس، ساكن عند أخوي. بحول لش
٥٠ يوم ٥. لا تزعلين
```

Mara tu nilipoandika neno la tano, ile talaka ikatoweka. Neno lililomtisha dada yetu ni `6la3t`. Kijana wa dukani alisoma "tla", akasikia "tala", na sikio la Mswahili likajaza lililobaki: talaka. Lakini herufi za neno hilo ni twaa, lam na ain. Hilo ni tala'a, kutoka au kuchomoza. Ndiyo asili ya neno letu matlai, upepo wa upande wa mawio ya jua. Talaka ni twaa, lam na qafu. Tofauti ni herufi moja, na herufi hiyo ndiyo ile 3 aliyoiruka.

Mtu anaweza kuuliza: je, kama mwandishi huyu huiandika qafu kwa 3? Swali zuri, nami nilijiuliza. Qafu ina nguo nyingi kwenye simu. Kuna wanaoiandika `q`, watu wa Ghuba huandika `8`, anayeitamka kibedui huandika `g`, wa Moroko `9`, na wa mijini Misri na Sham, ambao kwao qafu imekuwa hamza, huandika `2`. Mvivu huandika `k`. Lakini 3 si nguo ya qafu popote nilipopaona. 3 ni ain kuanzia Omani hadi Moroko. Isitoshe mwandishi mwenyewe anaitumia 3 mara mbili zaidi: `3nd`, kwa fulani, na `tz3lin`, ambayo shina lake ni za'ala, kukasirika. Kote ni ain. Na maneno yanayofuata yanaunga mkono: "min al-bait", kutoka nyumbani. Kutoka kunahitaji mahali pa kutoka, na mahali hapo pametajwa.

Hatua ya nne ni kupiga mstari chini ya kila neno lenye njia mbili. Hapa lilibaki moja, nalo lilikuwa gumu kuliko lile la talaka: `ba7awel`. Ile "ba" ya mwanzo ni ya jambo litakalokuja. Lakini baada yake linaweza kuwa "bahawwil" kwa wau ya shada, "nitahamisha", kutoka shina lile lile lililotupa neno hawala ya fedha. Au linaweza kuwa "bahaawil" kwa alifu ya kuvuta, "nitajaribu". Kwa herufi za Kiarabu haya yameachana, la pili lina alifu, بحاول, na la kwanza halina. Kwa herufi za simu ni neno moja tu, maana watu hawana desturi ya kudumu ya kuonyesha shada wala madi. Ona sasa uzito wake. "Nitakutumia hamsini tarehe 5" ni ahadi, mke anaweza kwenda kwa mwenye duka akakopa unga. "Nitajaribu" si ahadi.

Mpangilio wa sentensi uliniegemeza kwenye kutuma. Kujaribu hutaka kitenzi kingine mbele yake, najaribu kufanya nini, na hapa kilichofuata ni "kwako" na "hamsini". Ndiyo maana kwenye karatasi niliandika bila alifu. Hata hivyo kwenye simu watu huacha maneno njiani, kwa hiyo nililiweka mstari chini yake na kumwambia dada kwamba hapo sina yakini.

Wapo watakaosema: si kuna programu ya kutafsiri kwenye simu? Ipo. Lakini ukiipa maandishi ya Kilatini yenye tarakimu, inaweza kubahatisha ni lugha gani, au kuyarudisha maneno kama yalivyo. Ukiipa maandishi uliyoyarudisha kwenye herufi za Kiarabu itafanya vizuri zaidi, ila imezoea Kiarabu sanifu kuliko lahaja ya Omani, na "lish" inaweza kuigeuza "kwa nini" kama nilivyosema. Itumie kwa kulinganisha baada ya wewe kumaliza kazi yako. Ikitofautiana nawe, irudie sentensi hiyo herufi kwa herufi uone nani ameacha kitu.

Hatua ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote: muulize aliyeandika. Lakini uliza kwa akili. Dada alitaka kumwandikia mumewe, "Umeniacha?" Nikamzuia. Swali hilo linampa mtu jambo ambalo hakulisema, na linaweza kuzua ugomvi uliokuwa haupo. Tulimwandikia hivi tu: "Sijausoma vizuri ujumbe wako, naomba unitumie kwa sauti, polepole." Sauti hairuki shada wala madi.

Sauti ilikuja baada ya swala ya isha. Kodi ya nyumba ilimshinda, alitoka jana yake, anakaa kwa ndugu yake. Wau ya "bahawwil" aliitia shada ya wazi kabisa: atatuma riali hamsini tarehe 5. Tafsiri kamili ikawa hii: "Salamu, habari zako. Mimi nimetoka kwenye ile nyumba jana, nakaa kwa ndugu yangu. Nitakutumia hamsini tarehe 5. Usikasirike."

Hapo niongeze neno la fikihi kwa ufupi, kwa kuwa limegusa. Hata kama neno lingekuwa la qafu, kwa madhehebu yetu ya Shafi talaka iliyoandikwa hurejeshwa kwenye nia ya mwandishi. Kwa hiyo msomaji wa simu, awe kijana wa dukani au shehe wa msikiti, hana mamlaka ya kutangaza talaka kwa kusoma kwake. Yeye anasema kilichoandikwa, na aliyeandika ndiye anayesema alichokusudia.

Sasa mipaka ya njia hii. Ujumbe wa yule bwana ulikuwa na tarakimu, nazo ndizo zilizotuokoa. Wapo wasiotumia tarakimu kabisa. Angeandika `tlaat`, isingebainika ni twaa au taa, ain au kitu kingine. Tungebaki na maneno ya jirani na dhana. Pia wapo wanaoziacha irabu. Ukikutana na `6l3t` tupu, shina unalijua lakini hujui nani ametoka. Inaweza kuwa "nimetoka", "umetoka" au "yeye mwanamke ametoka". Ukiona `6la3t` ni mimi au wewe, ukiona `6al3at` ni yule mwanamke. Kwenye ujumbe wetu lile `ana` la mwanzo, mimi, ndilo lililomaliza shaka. Panapokosekana tarakimu na irabu pamoja, tafsiri ya kuaminika haipo, kilichopo ni kuuliza. Mfasiri mwaminifu atakupa maana mbili na kukuambia amekwama wapi.

Wala tusiwacheke Waarabu kwa hili, maana sisi tulipita njia hiyo hiyo upande wa pili. Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi hizo, na Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezigeuza kuwa za Kilatini na kuzichapisha mwaka 1902 na 1903. Kiarabu hakina "p", hivyo waandishi wengi waliazima baa. Ukiona بات kwenye barua ya zamani, ni bata au pata? Wengine waliweka nukta tatu chini kuonyesha "p", wengine hawakujali. Mzee aliyezoea barua hizo alitafuta kwanza neno moja lililo wazi ili ajue desturi ya mwandishi, kisha akasoma yaliyobaki kwa desturi hiyo. Ni kazi ile ile tuliyofanya kwa `7alish` na `lish`.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa namna hii, usiufute na usiunakili kwa mkono. Tenga hesabu na herufi, tafuta mwandishi ni wa wapi, urudishe kwenye Kiarabu, piga mstari chini ya neno lenye njia mbili, kisha omba sauti. Na kama mwenye ujumbe amesimama mbele yako anatetemeka, mwambie lile neno ambalo hujalijua kuwa hujalijua. Akae na shaka hadi usiku, ni afadhali kuliko aondoke na yakini ya uongo.